Barua ya Kwanza Baada ya Saini

Mkataba ukishatiwa saini, watu waliokuwa wakipigiana simu kila siku hunyamaza ghafla. Aliyeuza huduma ameshahamia kwa mteja mwingine. Atakayeifanya kazi hajawahi kuonana na mteja. Mteja naye anaamini kazi imeanza, maana malipo ya awali ameshatoa, kumbe upande wa pili wanasubiri nyaraka ambazo hakuna aliyeziomba. Katika biashara nyingi ukimya huo hula siku chache tu. Katika ofisi ya uhasibu hula faini, kwa sababu tarehe za Mamlaka ya Mapato hazingoji watu wafahamiane.

Kinachouvunja ukimya huo ni barua pepe moja: ile ya kumpokea mteja mpya. Ofisi nyingi huiandika, ila huiandika kama hotuba ya ukaribisho. Wanashukuru aya nzima, wanaeleza historia ya kampuni, wanaambatanisha fomu ya kurasa nane, wanamaliza kwa kumtakia mteja ushirikiano mwema. Mteja anaisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya Mwenge, anajibu "Sawa, asante", na hakuna kinachotumwa. Wiki mbili baadaye kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Tuchukue kampuni ya mfano inayouza vifaa vya ujenzi Tegeta, jijini Dar es Salaam. Ina wafanyakazi 14, imesajiliwa VAT, ina mashine moja ya EFD, na keshia anayehifadhi risiti za manunuzi kwenye bahasha za kaki, mwezi mmoja bahasha moja. Mkurugenzi wake, mama aliyeianzisha biashara hiyo kwa kuuza misumari na rangi, ametia saini mkataba na ofisi ya wahasibu Jumatano, tarehe 24 Septemba. Mkataba unasema kazi inaanzia na hesabu za Septemba hiyohiyo.

Anayejua kazi hii haanzi kuandika kwa salamu. Anaanza na kalenda, tena anaihesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kodi ya mishahara, PAYE, hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ushuru wa mafunzo, SDL, hufuata tarehe hiyohiyo, na unamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, kwa hiyo duka letu la Tegeta limo. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Basi tangu siku ya saini kuna wiki mbili kasoro siku moja kabla ya kodi ya kwanza, na katikati kuna wikiendi mbili. Ili ilipwe tarehe 7 Oktoba, ambayo tuseme ni Jumanne, mkurugenzi anapaswa kuidhinisha hesabu Jumatatu tarehe 6. Ili aidhinishe Jumatatu, hesabu inapaswa kumfikia Ijumaa tarehe 3. Mhasibu anahitaji siku tatu au nne za kuziandaa, kwa sababu mwezi wa kwanza kila jina ni jipya kwake. Tunarudi hadi Jumatatu, tarehe 29 Septemba. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandikwa kwenye barua. Tarehe 7 ni ya serikali; ya mteja ni 29.

VAT nayo ihesabiwe vivyo hivyo. Ukitazama Oktoba utaona mtego: tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa, na hapa inaangukia Jumanne. Wengi huchukua na Jumatatu yake wakaunganisha mapumziko. Asiyeitazama kalenda atapanga kupata idhini ya mkurugenzi tarehe 14, kisha akimbizane naye tarehe 19, Jumapili.

Swali linalofuata ni nani aiandike. Kwa maoni yangu iandikwe na yule aliyezungumza na mteja hadi mkataba ukasainiwa, hata kama kazi yake imeisha. Mteja anaijua sauti yake na jina lake. Barua ikitoka kwa mhasibu ambaye hajawahi kumsikia, ikimwomba orodha ya mishahara ya watu wake, mwenye tahadhari ataitilia shaka, na atakuwa na haki. Basi mwenye kumfahamu aandike, mhasibu awekwe kwenye nakala, na ndani ya barua makabidhiano yafanyike waziwazi. Itumwe siku hiyohiyo ya saini au kesho yake asubuhi, kabla mteja hajarudi kuzama kwenye shughuli zake.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi. Kichwa chake: "Kodi za Septemba: tunaomba vitu 3 kabla ya Jumatatu 29."

"Mama, habari za kazi.

Asante kwa kutuamini. Kuanzia leo hesabu na kodi za kampuni zitashughulikiwa na mhasibu niliyemweka kwenye nakala. Ndiye wa kuongea naye kila siku, kwa namba ya simu iliyo hapa chini, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Asipopatikana, mpigie msimamizi wake, naye yumo kwenye nakala. Mimi nabaki kwa mambo ya mkataba na malipo yetu tu.

Kazi ya kwanza ni kodi ya mishahara ya Septemba, ambayo mwisho wa kuilipa ni tarehe 7 Oktoba. Ili tuiwahi, tunaomba vitu vitatu vitufikie kabla ya Jumatatu tarehe 29, saa 10 jioni.

Cha kwanza ni orodha ya mishahara ya Septemba yenye jina la kila mfanyakazi, TIN yake, mshahara wa msingi, posho na makato. Kama haijaandaliwa, tutumie ya Agosti jinsi ilivyo na mtuambie kilichobadilika. Cha pili ni idadi ya watu wote mnaowalipa, wakiwemo vibarua. Cha tatu ni jina na simu ya anayetunza risiti na ripoti za Z.

Ijumaa tarehe 3 tutakutumia hesabu uikague. Ukiidhinisha Jumatatu, namba ya malipo utaipata siku hiyohiyo. VAT itafuata, na mwisho wake ni tarehe 20. Kwa hiyo mhasibu atafika dukani Alhamisi tarehe 2 Oktoba, saa 4 asubuhi, aonane na anayetunza risiti. Hakuna cha kuandaa kwa siku hiyo. Tunaomba tu risiti yoyote isitupwe.

Tafadhali usitume nywila yoyote kwa barua pepe wala WhatsApp. Hatutaiomba kwa njia hizo.

Naomba unijibu swali moja leo: nani atakayetutumia orodha ya mishahara?"

Chini yake ni majina, vyeo na namba za simu za watu watatu, basi.

Barua hii haikuomba cheti cha usajili cha BRELA, katiba ya kampuni, taarifa za benki za miaka iliyopita wala mizania ya mwaka jana. Vyote hivyo vitahitajika. Lakini hakuna hata kimoja kinachozuia kodi ya tarehe 7 kulipwa, na vikiwekwa kwenye orodha moja na mishahara, mteja ataanza na kile kilicho rahisi kukipata. Atatuma cheti cha BRELA, kwa kuwa kipo kwenye simu yake, na atahisi ameshajibu. Orodha ya mishahara, ambayo inataka kukaa chini na mtu, itasogezwa mbele. Mambo ya kudumu yaandikiwe barua ya pili, wiki ya tatu ya Oktoba, VAT ikishawasilishwa.

Kila kilichoombwa pia kina sababu ambayo mhasibu anaweza kuieleza akiulizwa. Idadi ya wafanyakazi pamoja na vibarua imeombwa kwa sababu ya SDL: waajiri wengi huhesabu wa kudumu tu, wakapata 8 au 9, wakadhani hawahusiki, ilhali wa muda na vibarua nao huhesabiwa. Ruhusa ya kutuma orodha ya Agosti imewekwa makusudi. Duka dogo huandaa mishahara siku mbili za mwisho wa mwezi, hivyo kudai ya Septemba tarehe 29 bila njia ya pili ni kuomba kisichokuwepo.

Sehemu ya watu wa kuwasiliana nao ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa wema. Ofisi hutaja watu saba ili mteja aone timu ilivyo kubwa. Mteja mwenye swali huwaandikia wote saba, kila mmoja akidhani mwingine atajibu. Anachohitaji ni mtu mmoja wa kila siku, mmoja wa kumpigia huyo akikosekana, na mmoja wa mambo ya fedha na mkataba. Saa za kazi ziandikwe kama tunavyozisema, saa 2 asubuhi, na si kwa tarakimu za saa za kompyuta zinazomfanya mtu apige hesabu. Na kuhusu WhatsApp, lisemwe neno mapema. Kuikataza hapa kwetu hakuna maana, mteja ataitumia tu. Kinachowezekana ni kuipangia kazi: maswali na miadi ipitie huko, nyaraka zipitie barua pepe. Asiyeweza kabisa kutumia barua pepe aambiwe atume kwa WhatsApp kama faili, si kama picha, kwa sababu picha hubanwa na tarakimu ndogo za risiti huwa ukungu.

Kuna jambo la nakala ambalo halionekani hadi limeshaleta ugomvi. Keshia ndiye mwenye risiti, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ni busara kumweka kwenye nakala tangu barua ya kwanza. Kisha mkurugenzi anabonyeza kitufe cha kujibu wote, anaambatanisha orodha ya mishahara, na keshia anaona mshahara wa meneja wa ghala, wa dereva, na wa mtoto wa dada wa mkurugenzi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Kwa saa moja duka zima linajua. Ndiyo maana barua yetu imemwomba mkurugenzi jina la mtunza risiti badala ya kumwandikia moja kwa moja. Mambo ya risiti yatakuwa na barua yake, na ya mishahara itabaki na watu wanne. Na hili si suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo linaloeleweka, asizidishe kuliko anavyohitaji, na azilinde. Namba za vitambulisho vya taifa, tarehe za kuzaliwa na anwani za nyumbani huombwa kwa mazoea tu, "zisije zikahitajika". Kwa kodi ya Septemba hazikuhitajika, basi zisiombwe.

Nywila ina kisa chake. Ritani huwasilishwa kwa mtandao, kwa hiyo mhasibu mpya lazima apate njia ya kuingia kwenye akaunti ya kodi ya kampuni. Njia ya mkato ni mteja kutuma jina la mtumiaji na nywila, mstari mmoja, kwa barua pepe inayobaki kwenye vikasha vya watu wanne miaka na miaka. Bora lifanyike siku ile mhasibu anapofika dukani, mkurugenzi akiwepo, na taarifa za kampuni zikaguliwe hapohapo. Mara nyingi sana ndipo inapogundulika kwamba namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa kwenye akaunti ni za mhasibu wa zamani. Ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwake, barua za Mamlaka zinakwenda kwake, na kampuni haijui chochote. Tatizo hilo likigundulika tarehe 2 kuna muda wa kulirekebisha. Likigundulika tarehe 6 usiku, mkurugenzi atampigia simu mtu aliyemwachisha kazi mwezi uliopita, amwombe amsomee tarakimu sita.

Kwa huyo wa zamani ipo njia ya kiungwana. Maadili ya taaluma ya uhasibu, ambayo nchini husimamiwa na NBAA, yanamtaka mhasibu anayepokea kazi apime kama kuna sababu ya kutoipokea, na njia ya kawaida ni kuwasiliana na anayetoka, kwa ridhaa ya mteja. Ridhaa hiyo ni vyema iwe imeshapatikana wakati wa mkataba. Kama haikupatikana, iombwe kwa simu kwanza, kwa kuwa huenda waliachana vibaya, na swali la namna hiyo likisomwa tu kwenye barua linaweza kueleweka kama shutuma.

Siku ya kufika dukani ndipo VAT inapoanza kuonekana ilivyo. Mhasibu hahitaji bahasha nzima kupigwa picha, anahitaji kuitazama. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayoungua kwa joto, na ikikaa juu ya kaunta inayopigwa na jua, maandishi yake hufifia hadi ikawa nyeupe. Mhasibu anatoa risiti moja ya mabati, shilingi 11,800,000 pamoja na VAT. Ndani yake kuna VAT ya 1,800,000, ambayo kampuni ina haki ya kuitoa kwenye VAT iliyokusanya kwa wateja wake. Anatafuta jina la mnunuzi na TIN. Hakuna, aliyetumwa kununua hakuitaja TIN ya kampuni, na muuzaji hakuuliza. Kwa risiti hiyo dai hilo haliendi popote. Kwa risiti nyingine, ambayo maandishi yamefifia lakini namba ya uhakiki na saa ya risiti bado zinasomeka, anaziingiza kwenye verify.tra.go.tz na risiti inatokea nzima kwenye skrini. Baada ya nusu saa ya namna hii keshia ameelewa anachotakiwa kukagua kabla ya kuiweka risiti kwenye bahasha, kuliko ambavyo angeelewa kwa maelekezo ya kurasa mbili. Hapohapo mhasibu anaulizia jambo moja ambalo fomu nyingi hulisahau: lipa namba iliyobandikwa ukutani imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni jina la mkurugenzi binafsi, sehemu ya mauzo haimo kwenye taarifa ya benki ya kampuni, na mauzo ya ripoti za Z hayatalingana na fedha zilizoingia.

Barua ikishatumwa, majibu yake yasomwe kwa makini. Jibu zuri lina jina la mtu: "Orodha atatuma meneja wangu kesho." Hapo kazi imeanza. Jibu la "Sawa, tutafanyia kazi" halina mtu ndani yake, na halina siku. Likija Alhamisi tarehe 25, mwandishi wa barua asingoje Jumatatu. Apige simu Ijumaa asubuhi, aulize swali lilelile, kisha aandike mstari mmoja wa kuthibitisha walichokubaliana. Jumatatu saa 10 ikipita bila orodha, barua ya pili isirudie ya kwanza wala kuisambaza upya. Iombe kitu kimoja tu kilichobaki, na iseme kitakachotokea: "Tusipoipata kabla ya kesho saa 6 mchana, hesabu ya Ijumaa itachelewa hadi Jumatatu, na utakuwa na siku moja tu ya kuikagua na kulipa." Hilo ni jambo la kweli, na mteja anaweza kulipima mwenyewe.

Kuna hali moja ambayo mpango huu wote haufai. Mkataba ukisainiwa tarehe 3 au 5 ya mwezi, hakuna kalenda ya kuhesabu kurudi nyuma, siku hazipo. Hapo ofisi hushawishika kuahidi kwamba itajitahidi, ili isimwangushe mteja siku ya kwanza. Heri barua iseme waziwazi kwamba kodi ya mishahara ya mwezi uliopita itawasilishwa na mhasibu anayetoka au na kampuni yenyewe, imtaje anayehusika kwa jina, na iombe nakala ya ritani na risiti ya malipo ikishakamilika. Kisha iseme ofisi mpya inaanzia ritani ipi. Kama mkataba uliosainiwa hausemi hivyo, makubaliano hayo yaandikwe kwenye barua hiyohiyo na mteja ajibu kwamba amekubali, kabla ya tarehe 7.